Ukirudi YouTube baada ya kimya, ueleze au upike tu?

Mpishi wa Chumbageni: Nimekaa miezi 14 bila kuweka video ya mapishi. Nirudi kwa kueleza nilikuwa wapi, au nipike tu kama sikuondoka?

Binti Ngamiani: Pika tu. Tanga ni waja leo waondoka leo, nani anahesabu? Tena chaneli ikikaa miezi 6 inafutwa, shukuru yako ipo.

Fundi wa Raskazone: Haifutwi. Kinachoweza kusimamishwa baada ya miezi 6 ya kimya ni malipo, kwa wanaolipwa. Kueleza, eleza, ila kwa ufupi. Mimi niliporudi niliomba radhi dakika nne. Nilipofungua YouTube Studio, mchoro wa watazamaji ulionyesha zaidi ya nusu wameondoka kabla ya sekunde ya 30. Mchoro hausemi kwa nini wameondoka, lakini video iliyofuata nilijieleza kwa sentensi mbili na mstari ukashuka taratibu. Wewe andika hivi, kisha usome kwa sauti ukiangalia saa:

"Asalaam alaykum. Hapa tunapika vyakula vya Tanga kwa jiko la mkaa. Nilipotea miezi 14, nilikuwa namuuguza mama. Kuanzia leo nitakuwa naweka pishi moja kila Ijumaa. Leo ni mkate wa kumimina, na mchele umeshalala kwenye maji, twende."

Neno la mwisho likitoka, mkono uwe tayari kwenye mchele.

Mtu wa Pangani: Mkate wa kumimina wa Tanga tangu lini? Huo ni wa Unguja.

Binti Ngamiani: Bibi yangu kaupika Ngamiani kabla wewe hujazaliwa! Tui, iliki, moto juu na chini. Unguja wana hakimiliki ya mchele?

Somo wa Mikanjuni: Nyie mnagombea mkate, mimi limeniuma hilo la mama. Ugonjwa wa mzazi ni siri ya nyumba. Unautoaje kwa watu usiowajua ili wakuonee huruma?

Fundi wa Raskazone: Sikusema aombe huruma, Somo. Akisema "nilikuwa na jambo la nyumbani" hajadanganya. Ubaya ni kuahidi. Kama Ijumaa hataziweza, aliondoe neno Ijumaa. Na jambo moja nililisahau: video ya utambulisho, ile wanayowekewa wasiojisajili, isiwe na habari ya kupotea. Mgeni hakujua kama uliondoka. Rekodi sentensi ya kupotea peke yake, uikate kirahisi.

Somo wa Mikanjuni: "Jambo la nyumbani" nalo litawafanya waulize. Bado sijakubali.

Mpishi wa Chumbageni: Nimemuuliza mama mwenyewe. Kasema nimtaje, ila niseme pia kwamba sasa anatembea. Ijumaa nimeiondoa, nitasema "kila nikipika". Mchele naloweka usiku huu.

Mtu wa Pangani: Na ute wa yai unatia? Unguja wanatia.

Binti Ngamiani: Anza tena!