Tupeane uzoefu: picha na maboksi ya Word yanayohama ukigusa sentensi moja

Mama Neema_Moro

Habari zenu wapendwa. Naomba tukusanye visa vyetu hapa, maana wiki iliyopita nimelia mbele ya kompyuta.

Tasnifu yangu ina kurasa 94 na picha 31 za mashamba niliyotembelea. Msimamizi aliniambia niongeze aya moja tu Sura ya 2. Nikaongeza, nikahifadhi, nikatuma. Akanipigia simu: picha ya kitalu cha mpunga imekaa juu ya jedwali Sura ya 4, na maelezo yake "Kielelezo 4.6" yamebaki peke yake ukurasa wa nyuma. Nilikuwa nimepanga zote kwa kuburuta na mausi, chini ya kila picha nikachora boksi la maandishi la kuandikia maelezo.

Nilichokuja kukigundua ni hiki. Nikibofya picha, pembeni mwa aya fulani inatokea alama ya nanga. Picha inayoelea imefungwa kwenye aya hiyo, na lazima ikae nayo ukurasa mmoja. Aya ikisukumwa ukurasa unaofuata, picha inaifuata na kutua pale ilipopangiwa, hata kama pana jedwali. Na boksi la maelezo lilikuwa na nanga yake, kwenye aya nyingine kabisa. Ndiyo maana viliachana.

Nimezirudisha zote 31 kwenye mstari, yaani In Line with Text, siku moja na nusu. Wengine mlifanyaje?

Kijana wa Kibaha

Pole sana dada. Mbona dawa yake ni ndogo? Bofya picha, ingia kwenye mipangilio zaidi ya Layout, sehemu ya Position, weka tiki Lock anchor. Mimi ripoti zangu zote nafanya hivyo na picha hazihami.

Fundi Steshenari

Mdogo wangu, hapo umepata nusu. Lock anchor inaizuia nanga isihamie aya nyingine unapoiburuta picha. Aya yenyewe haizuiliwi kusogea. Fanya jaribio: funga nanga, kisha juu ya aya hiyo bonyeza Enter mara 20. Aya ikivukia ukurasa unaofuata, picha itaenda nayo. Ripoti zako zimetulia kwa sababu hukuongeza maandishi mengi baada ya kupanga.

Mimi nachapa na kurekebisha kazi za wanafunzi, na kazi iliyovurugika naifanya kwa mpangilio huu. Kwanza natengeneza nakala ya faili. Pili nawasha alama ya ¶ ili nione nanga na zile Enter tupu ambazo mtu amezibonyeza kupisha nafasi ya picha. Tatu, kabla ya kugeuza picha, naiburuta nanga yake mpaka kwenye aya tupu iliyo mahali picha inapotakiwa. Hatua hiyo wengi wanairuka. Ukichagua In Line with Text, picha haibaki pale unapoiona kwa macho. Inaruka kwenda kwenye aya yenye nanga, na ikikuta sentensi inajibana mwanzoni mwake. Mtu anadhani kaharibu, anabonyeza Ctrl+Z, anaacha.

Ikishakaa kwenye aya yake, naiweka katikati kama ninavyoweka kichwa cha habari. Kisha kwenye Paragraph, ukurasa wa Line and Page Breaks, natia tiki Keep with next. Hapo picha na mstari wa maelezo chini yake havitenganishwi na mwisho wa ukurasa. Maelezo nayakata ndani ya boksi, nayabandika kama aya ya kawaida, boksi nalifuta. Enter tupu zote nazifuta mwisho.

Mama Neema_Moro

Kaka, hilo la kuhamisha nanga kwanza ndilo lililonilia siku nzima! Picha zangu zilikuwa zinatokea katikati ya sentensi, nami nazikata na kuzibandika upya moja moja.

Mzee wa Tanga

Na mimi nina shida ya picha. Nikituma barua yenye picha 5 za simu inagoma kwenda, inasema kubwa mno. Nikizipanga kwenye mstari itapungua?

Fundi Steshenari

Shikamoo mzee. Hapana, uzito hautabadilika. Bofya picha, Picture Format, halafu Compress Pictures. Ndipo utume.

Mwalimu Hesabu_NRB

Kisa changu ni cha mtihani wa kidato cha pili. Nilichora pembetatu kwa mistari mitatu, na herufi A, B, C kila moja kwenye boksi lake. Vitu sita, nanga sita. Mwenzangu aliongeza swali la 4, na katika swali la 9 herufi B ikaonekana kando ya upande usiohusika. Wanafunzi walikokotoa pembe isiyo sahihi, na tukalazimika kuwapa wote alama za swali hilo. Iliniuma, kwa sababu waliojibu vizuri walipoteza muda wakijiuliza.

Siku hizi naanza na Insert, Shapes, New Drawing Canvas. Turubai hilo naliweka In Line with Text, kisha mistari na herufi zote nazichora humo ndani. Likisogea, linasogea na vyote. Kwa mchoro wa zamani navikata vipande, nabofya ndani ya turubai, nabandika.

Dada Pili

Mimi niligeuza kama mnavyosema, picha ikaonekana kipande chembamba kama utepe, nyingine yote imepotea. Nikairudisha kuelea. Nilikosea wapi?

Mwalimu Hesabu_NRB

Angalia nafasi ya mistari ya aya hiyo, dada. Bila shaka imewekwa Exactly, labda pointi 12 au 18. Picha kwenye mstari inahesabiwa kama herufi kubwa, na Exactly inakata kinachozidi. Weka Single kwa aya ya picha tu.

Dada Pili

Ilikuwa Exactly 18. Imeonekana yote. Asante sana mwalimu! Na picha mbili zinazotakiwa kukaa ubavu kwa ubavu, kabla na baada ya matibabu ya mmea?

Fundi Steshenari

Jedwali lisilo na mipaka. Safu mlalo mbili, safu wima mbili: juu picha, chini maelezo. A4 yenye pambizo za sentimita 2.5 inakuachia upana wa 16, basi kila picha iwe kama 7.5. Kwenye Table Properties, kitufe cha Options, ondoa tiki ya Automatically resize to fit contents, la sivyo picha kubwa italisukuma jedwali nje ya ukurasa.

Mwenye picha nyingi anaweza kutumia makro hii, ila kwenye nakala, na baada ya kukagua nanga:

```
Sub PichaMstarini()
  Dim i As Long
  With ActiveDocument
    For i = .Shapes.Count To 1 Step -1
      If .Shapes(i).Type = msoPicture Then
        .Shapes(i).ConvertToInlineShape
      End If
    Next i
  End With
End Sub
```

Inahesabu kutoka mwisho kwa sababu kila picha ikigeuzwa orodha inapungua. Maboksi ya maandishi haiyagusi. Hayo ni kazi ya mkono.

Kijana wa Kibaha

Nimefanya jaribio la Enter 20. Kweli imehama, nakubali. Lakini jarida letu la kanisa lina safu mbili, na picha ya jalada inapita juu ya safu zote. Nikiiweka kwenye mstari inabanwa ndani ya safu moja.

Fundi Steshenari

Hapo mstari una kikomo. Mimi naweka Continuous section break kabla na baada ya picha, sehemu hiyo iwe safu moja.

Mwalimu Hesabu_NRB

Mimi hapo ningeiacha ielee, nanga iwe aya ya kwanza kabisa ya ukurasa wa 1. Juu yake hakuna kitu cha kuisukuma. Section break zikizidi, namba za kurasa na vichwa vya juu navyo vinaanza kusumbua.

Fundi Steshenari

Kwa ukurasa wa 1 sawa, mwalimu. Na picha kama hiyo ikiwa ukurasa wa 6?