Majirani wa Lugari: ekari za Baba Wafula

Kevo (Nairobi), 7:42 jioni: Habari za jioni wazazi. Niko kwa simu na mzee namjazia ile fomu ya mbolea ya ruzuku mtandaoni. Tumefika kwa ukubwa wa shamba. Mzee amesoma kwa taito, imeandikwa 0.81. Niandike hivyo?

Mwalimu Simiyu, 7:45: Andika hivyo hivyo Kevo. Taito ndiyo ushahidi. Ukiandika kingine wataona unadanganya serikali.

Mama Nafula, 7:51: Kevo ngoja kwanza, usibonyeze. Angalia mbele ya hiyo 0.81 kumeandikwa nini.

Kevo, 7:53: Anasema "Ha".

Mama Nafula, 7:58: Basi hiyo ni hekta. Taito zetu zinaandikwa kwa hekta, na fomu inauliza ekari. Hekta moja ni ekari 2 na karibu nusu, kwa hivyo zidisha kwa 2.47. 0.81 ya mzee inatoka ekari 2. Ukituma 0.81 fomu itakubali tu bila kelele, maana wako wengi wenye robo tatu ya ekari na haiwezi kujua. Mtajua kosa siku ya vocha, mzee akipewa mfuko mmoja wa kupandia na shamba linataka miwili. Nilipokuwa nasaidia kuandikisha wakulima kwa baraza la chifu, hilo ndilo kosa nililoliona zaidi, na linawaumiza wazee wenye karatasi halali kabisa mkononi.

Mwalimu Simiyu, 8:01: Kumbe. Upande wa hekta Mama Nafula amesema kweli. Basi aandike 2 amalize.

Mama Nafula, 8:09: Bado Mwalimu. 2 ni shamba lote. Kuna mahali pengine panapouliza ekari zilizo na zao, na hapo mtu asiandike boma, choo, zizi na miti. Baba Wafula, wewe mwenyewe tuambie, mahindi yanakaa wapi na wapi?

Baba Wafula, 8:20: Asante mama. Nyumba na zizi viko upande wa barabara. Chini kule mtoni ni nepia ya ng'ombe na mikaratusi. Hizo zote pamoja ni kama nusu ekari, tulipima na marehemu kaka yangu wakati wa kugawa. Iliyobaki yote ni mahindi na maharagwe ndani. Halafu nimekodi nusu ekari kwa jirani hapo juu, nayo mahindi.

Shangazi Rosa, 8:22: Na sisi wenye taito ya marehemu? Jina ni la mume wangu na amelala miaka mingi. Nisijiandikishe?

Mama Nafula, 8:31: Shangazi nakuja kwako, nimalizie mzee kwanza. Baba Wafula, shamba lako ni 2, lakini lenye mahindi ni 1.5. Maharagwe yakiwa ndani ya mahindi, ekari haziongezeki. Watu huandika mahindi 1.5 na maharagwe 1.5, jumla inakuwa 3 ndani ya shamba la 2, na mtu yeyote akikagua ataona haiingii. Zao kuu weka mahindi. Kama fomu inakubali zao la pili kwa kipande hicho hicho, ongeza maharagwe, lakini ardhi ni ile ile 1.5.

Kevo, 8:33: Na ile ya kukodi? Naona pameandikwa shamba langu, la familia, la kukodi.

Mama Nafula, 8:36: Hiyo inaingia kama kipande cha pili, cha kukodi. Usiichanganye na la nyumbani. Lakini je, ni nusu kweli? Nani alipima?

Baba Wafula, 8:38: Mwenyewe alisema ni nusu.

Mwalimu Simiyu, 8:44: Hapo niacheni mimi. Hatua 70 kwa 70 ni ekari moja, hatua ndefu ya mtu mzima, kama yadi moja. Mimi hilo shamba la juu nalijua, nilipita hapo wakati wa kupanda. Upande mrefu ni kama hatua 70, ule mfupi haufiki 35.

Baba Wafula, 8:46: Haufiki Mwalimu. Nikihesabu mashimo ya mahindi upande mfupi ni kama hatua 30.

Mama Nafula, 8:55: Basi fanyeni hesabu. 70 mara 30 ni 2,100. Ekari nzima ni 70 mara 70, yaani 4,900. 2,100 kwa 4,900 ni kama 0.43. Andika 0.4. Jumla ya mahindi inakuwa 1.9. Kwa kipimo tunachopewa huku, mfuko mmoja wa kilo 50 wa kupandia kwa ekari na mwingine wa kukuzia, hiyo bado ni karibu mifuko miwili ya DAP na miwili ya CAN. Na sasa kila nambari ina mahali inapotoka, afisa wa kilimo akija kuuliza mtamjibu mkiwa mmesimama shambani.

Mwalimu Simiyu, 8:57: Si aweke tu 3? Mfuko ni shilingi 2,500, hata akipata zaidi atalipa pesa yake.

Mama Nafula, 9:03: Hapana Mwalimu. Mbolea ya ruzuku si duka. Ikizidi kwake, inapungua kwa mwenzake kijijini.

Kevo, 9:06: Sawa. Sasa kikundi. Inauliza kama ni mwanachama wa kikundi cha wakulima. Mzee anasema yuko kwa hiki chetu.

Baba Wafula, 9:07: Si tuko hapa wote?

Mama Nafula, 9:14: Hapa ni pa kuongea tu mzee wangu. Wanachotaka ni kikundi kilichosajiliwa, chenye cheti na mwenyekiti na mweka hazina, au ushirika. Ile chama ya Jumapili ya kuchangiana mazishi haina cheti, kwa hivyo isiandikwe. Chagua hapana, wala haikunyimi vocha. Jina lisilopatikana popote ni baya kuliko hapana.

Shangazi Rosa, 9:16: Mama Nafula.

Mama Nafula, 9:24: Nimekuja shangazi. Wewe ndiye unayelima, basi jiandikishe kwa jina lako na kitambulisho chako. Shamba sema ni la familia. Kinachonitia wasiwasi ni simu, maana ile laini unayotumia ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu wako. Ujumbe wa vocha unakuja kwa nambari uliyoandika. Kesho nenda usajili laini yako mwenyewe kabla ya kujaza chochote.

Shangazi Rosa, 9:26: Nitaenda na Nafula sokoni. Asante mwanangu.

Baba Wafula, 9:35: Kuna jambo sasa limenijia. Mwenye shamba la juu naye alijiandikisha mwaka jana. Na alisema ana ekari 4. Ile yangu ya kukodi si iko ndani ya hizo 4?

Mwalimu Simiyu, 9:37: Iko ndani.

Mama Nafula, 9:48: Hapo pagumu. Kipande kimoja kikiandikwa na watu wawili, mmoja wenu ataulizwa. Anayelima ndiye anayehitaji mbolea, nami nasimama hapo. Lakini siwezi kuwaamulia, afadhali mwongee naye kwanza, kisha nimuulize afisa wa kilimo wa wadi.

Kevo, 9:52: Nimejaza la nyumbani: jumla 2, mahindi 1.5, kikundi hapana. La kukodi nimeacha wazi. Ukurasa wa mwisho umenionyesha kila kitu, na mzee amesikia nikisoma. Sijabonyeza kutuma.

Baba Wafula, 9:54: Usitume. Kesho asubuhi nitamkuta akikamua, nitaongea naye.