Sivii mbili, nafasi moja ya ripota wa afya: A au B?

Kalamu_Mbili: Wakuu naombeni macho yenu. Tangazo letu linataka ripota wa dawati la afya, awe anatoa stori siku hiyohiyo, na video ya dakika moja anapiga na kuediti mwenyewe. Nimebaki na wawili. A ana miaka 6 kwenye afya, kaambatanisha stori 8. B miaka 3 anaripoti mahakamani, kaleta 10. Mimi naona A tu, au?

Sauti_ya_Redio: A huyo. Biti ya afya, yaani kulijua eneo unaloripoti, ndo kila kitu, dedilaini mtu atazoea akishafokewa wiki mbili.

Mama_Dawati: Ngoja kwanza. Kila stori andika pembeni tukio lilikuwa lini na stori imetoka lini, halafu cheki jina la mwandishi pale juu liko peke yake au wako wawili. Ukimaliza rudi.

Kalamu_Mbili: Nimefanya na nimeshtuka. B, kesi imesomwa asubuhi stori iko hewani jioni, mara 7 kati ya 10. A zote makala ndefu, warsha ya Jumatatu stori imetoka Jumapili iliyofuata, na 5 kaandika na mwenzake. Afu kwenye sivii kasema anaediti video, ila mwisho wa klipu jina la mhariri ni la mtu mwingine.

Mama_Dawati: Usimhukumu haraka, labda alikuwa gazeti la wiki. Ila dedilaini bado hajaionyesha, hiyo ni ya kumuuliza. Zile 5 muulize nani alimpigia simu nani, aliyefanya kazi atakutajia bila kusita. Sasa biti: usihesabu miaka, angalia vyanzo. Kuna nesi na mgonjwa, au msemaji tu?

Kalamu_Mbili: A kaandika uhaba wa damu mara tatu ndani ya mwaka, ya tatu kapata daftari la stoo lenyewe, linaonyesha chupa zilizoingia na zilizotoka. Hiyo kaandika peke yake. B ana moja tu ya afya, kasema dawa "imethibitika" kumbe utafiti ulikuwa wa wagonjwa 12 na hakuna kundi la kulinganisha.

Mama_Dawati: Hilo kosa la B ni zito, kwenye afya msomaji anaweza kuacha dawa zake.

Chipukizi: Samahani nadandia, mimi stori zangu nyingi zimetoka "Na Mwandishi Wetu", sasa nitaombaje kazi?

Mama_Dawati: Mwanangu, ambatanisha rasimu uliyomtumia mhariri na umwombe barua fupi ya kuthibitisha. Rasimu inasaidia hata zaidi, maana stori iliyochapishwa ina mkono wa mhariri ndani yake. Kalamu, wote wawili wape taarifa ileile ya utafiti, ndani ya saa moja na nusu wapige simu moja, watoe stori na video.

Sauti_ya_Redio: Na A akichelewa lakini stori ikawa sahihi?

Kalamu_Mbili: Ndo hapo. Mhariri mkuu anataka kasi, mimi bado lile daftari la stoo linanivuta. Jaribio Alhamisi.