Nimeandika templeti 40 za kutafutia wateja wa asali ila hawajibu, naombeni ushauri

Mrina_Ipuli:
Habari za jioni wadau. Niko Tabora mjini, nakusanya asali kutoka Sikonge na Kaliua nauza kwa ndoo. Wateja wa hapa nishawamaliza maana kila mtu ana mjomba anayerina, sasa nataka maduka na mahoteli ya Mwanza na Dodoma. Nimekaa wiki mbili nikaandika templeti 40 za wasap, zina nafasi za kujaza jina, mji na bidhaa, ili kila mtu aone nimemwandikia yeye. Nimetuma 38, wamejibu wawili na mmoja kanitukana. Swali langu, niongeze templeti ziwe nyingi zisifanane au shida ni maneno? Mtaji wote umekaa kwenye ndoo, usingizi sina.

DagaaWaUjiji:
Piga simu ndugu yangu. Mimi nauza dagaa huku Kigoma sijawahi kuandika templeti hata moja, namwambia mtu mzigo umekauka vizuri njoo uonje, basi. Na nyie wa asali mmezidi kuchakachua. Mwaka jana nilinunua lita tano, haijamaliza miezi mitatu ikaganda kama samli.

KaraniWaSoko:
Dagaa, asali halisi nayo inaganda, iweke kwenye maji ya uvuguvugu itarudi, hiyo siyo mada. Mrina, bandika hapa ujumbe mmoja kama ulivyokwenda, usiusafishe. Na huyo aliyekutukana alisemaje?

Mrina_Ipuli:
Alisema tu nisimsumbue dada. Ujumbe ni wa kawaida, salamu, bidhaa, bei. Naona shida ni templeti kuwa chache.

KaraniWaSoko:
Bandika.

Mrina_Ipuli:
Haya. "Habari ndugu Mama Neema, nilipita dukani kwako juzi nikapenda sana unavyopanga bidhaa zako. Masega yetu imefika kutoka Tabora, ni bora na ya asili. Je, tunaweza kufanya biashara?"

Chekibob:
Ndugu Mama 😂😂 Masega imefika 😂😂

KaraniWaSoko:
Ulipita kweli dukani kwake?

Mrina_Ipuli:
Mwanza sijafika tangu 2019. Sasa nikisema ukweli ndio maana sikutaka kuanza na hilo, maana mtaishia hapo hapo. Hao wenye maduka wawili wako grupu moja la wafanyabiashara, wakaweka skrinshoti zao pamoja, sentensi ya kupita dukani ni ile ile na siku ni ile ile. Ndiyo matusi yakaanzia hapo. Lakini kila mtu anafanya hivi, hata mabenki yanatuandikia "mteja wetu mpendwa" na hayatujui. Halafu kuna kijana nishamlipa 60,000, ana orodha ya namba 500, Jumatatu anazituma zote. Kwa hiyo nisaidieni maneno tu.

TeknoMwanga:
Mkuu tumia orodha ya matangazo ya wasap, unatuma mara moja na kila mmoja anaona kaandikiwa peke yake. Na badilisha maneno, huyu "bora", huyu "safi", huyu "murua", wasap wasikushtukie.

KaraniWaSoko:
Tekno upo nusu sahihi. Ujumbe wa orodha ya matangazo haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako, kwa hiyo kwa wageni ni sawa na kupiga kelele chumbani. Hiyo ni ya wateja ambao tayari mnajuana. Na laini inaponzwa zaidi na watu kukuripoti na kukubloku, "murua" haitakuokoa.

Mrina, nimeandika barua za kutafuta soko la alizeti na asali miaka tisa, nikwambie ninavyoweka mimi. Kwanza, Kiswahili hakipendi nafasi ya neno moja. Ukiweka "[bidhaa] yetu imefika", asali inakubali, nta inakubali, masega yanakukatalia, na msomaji anajua hapo hapo kuwa pameandikwa na shimo. Kwa hiyo mimi situnzi nafasi za maneno, natunza sentensi nzima nzima. Sentensi ya masega kivyake, ya asali ya ndoo kivyake, ya usafiri kivyake. Templeti 40 zako zina mambo matano tu yaliyovalishwa nguo tofauti. Mimi ninazo sentensi kama kumi na tano, nimezipanga kwa aina ya mnunuzi, maana hoteli inataka kujua mzigo hautakatika, na duka linataka kujua kama unafungasha chupa ndogo.

Pili, sentensi za ukweli rudia hata mara mia. "Ndoo ya lita 20 inabeba kama kilo 28, ipo na lebo ya kijiji ilikorinwa", hii watu wawili wakilinganisha skrinshoti hakuna aibu, ni bei na uzito. Kinachoaibisha ni sifa na "nilipita". Hicho kipande kinaandikwa kwa mkono kila mara au hakiandikwi. Na kisiwe kumsifia, kiwe sababu ya kumtafuta yeye na si jirani yake, na umeipata wapi namba yake. Mfano kwa hoteli: "Nimeona kwenye ukurasa wenu kuwa kifungua kinywa mnaweka chapati na asali, namba nimeitoa hapo hapo." Baada ya hapo unabandika sentensi zako za ndoo, unamalizia na ombi dogo, nitume chupa ya kuonja au hapana. Hiyo "tunaweza kufanya biashara" anaijibuje mtu?

Mimi naweka eksel, safu B salamu na jina, C sababu, D sentensi za akiba. Sababu ikiwa tupu inanigomea:

```
=IF(TRIM(C2)="","USITUME",B2&", "&C2&" "&D2)
```

Salamu nayo naiandika mwenyewe. Ukimpa mashine itampa shikamoo mtoto wa 2004 na mambo mzee wa watu.

Mrina_Ipuli:
Nimekuelewa ila hiyo sababu moja inakula dakika kumi. Namba 500 nitamaliza lini? Na hela ya kijana harudishi.

KaraniWaSoko:
Ukikosa sababu ya kumwandikia mtu, huyo si mteja wako. Ndoo unazo ngapi?

Mrina_Ipuli:
31.

KaraniWaSoko:
Ndoo 31, watu 500 wa nini?

Chekibob:
Wadau hii ni chai. Kwanza katuma 38, sasa kijana ana 500, kalipa 60,000, na kila bandiko katia asali ya Sikonge. Huyu anatangaza biashara, keshokutwa ataweka namba ya simu.

DagaaWaUjiji:
Nilihisi mapema mimi. Tena Karani na Mrina huenda ni mtu mmoja.

KaraniWaSoko:
Ningekuwa yeye nisingeandika "masega imefika".

Mrina_Ipuli:
Namba ya simu siweki ng'o. 38 nilituma kwa mkono, 500 hazijatumwa, mbona rahisi.

Sindano_Nyegezi:
Si chai jamani. Huo ujumbe nimeupata mimi hapa Mwanza Jumanne, "nilipita dukani kwako juzi nikapenda unavyopanga bidhaa". Mimi sina duka, nina saluni. Nikamuuliza mdogo wangu nani kapita juzi, tukabaki kucheka, nikabloku.

TeknoMwanga:
😂😂😂 uzi umefika pazuri

Mrina_Ipuli:
Duh. Samahani sana. Namba yako ilikuwa kwenye orodha ya maduka.

Sindano_Nyegezi:
Na ajabu nta natumia kila wiki, kwa wateja wa dredi. Ungeuliza tu "saluni yako inatumia nta?" ningekujibu siku hiyo hiyo. Kilo unauzaje?

Mrina_Ipuli:
Nakuja inbox. Nianze na shikamoo au mambo?