Gari limekula lita 7 zaidi kwa njia ileile: ni kiyoyozi?

Msafiri
Wakuu, naomba ushauri. Gari langu ni dogo, petroli, injini ya lita 1.5. Ijumaa asubuhi na mapema nilisafiri kilomita 300 peke yangu, spidi 80 muda mwingi, kiyoyozi nimezima na vioo nimefunga. Nilijaza tenki kabla na baada: lita 16. Jumapili nikarudi mchana, jua kali, kiyoyozi mwanzo mwisho. Nilikuwa nimechelewa, nikatembea 110, na malori yalikuwa mengi. Kujaza, zikaingia lita 23. Nimeapa sikigusi tena kiyoyozi, ila nyumbani hawataki kusikia. Kweli kinaweza kula lita 7?

Baba Nuru
Ndicho chenyewe. Kompresa inazungushwa na injini, na injini inakunywa mafuta. Zima, shusha vioo, upepo haulipiwi.

Zuhura
Hata mimi kiyoyozi kinanimaliza, na gari langu halifiki hata spidi 40! Kila siku niko kwenye foleni. Nikikizima naona tofauti kubwa kabisa kwenye geji.

Fundi Nati
Msafiri, kabla hujaanza kuisulubu familia, tugawane hizo lita 7.

Kiyoyozi hakihesabu kilomita, kinahesabu saa. Kwa gari dogo kwenye joto, chukua kama nusu lita kwa saa. Wewe kwa 110 ulitumia saa mbili na dakika 45 hivi, kwa hiyo kimekula lita moja na nusu pungufu. Dada Zuhura naye yuko sahihi kwa upande wake: nusu lita ileile, kwenye foleni ya kilomita 10 kwa saa, inagawanywa kwa kilomita 10 tu. Ndiyo maana anaiona yeye kuliko wewe.

Sehemu kubwa ni spidi. Nguvu ya upepo unaosukumana na gari hupanda kwa mraba wa spidi. Kutoka 80 hadi 110 inakaribia kuwa mara mbili, na unaisukuma hivyo kilomita zote 300. Hapo nahesabu lita 4, yaani robo nzima juu ya zile 16.

Sasa yale malori. Uliyapitaje?

Msafiri
Nilikuwa nakuja na 110, naikuta lori, nafunga breki mpaka 80 au chini, nasubiri nafasi, halafu nakanyaga mpaka mwisho. Gia ni otomatiki, kwa hiyo inarudi chini na injini inapiga kelele. Mara 30 au 40 hivi.

Fundi Nati
Basi lita iliyobaki umeipata. Gari la kilo 1,200 kulitoa 80 hadi 110 ni kama mililita 30 za petroli, vijiko vikubwa viwili. Ukifunga breki, mwendo wote ulioununua kwa mafuta hayo umegeuka joto kwenye breki. Mara 40 ni lita moja na kitu. Tena ukikanyaga mpaka sakafuni, kompyuta ya injini inamimina mafuta mengi kuliko kawaida, hiyo sijaihesabu. Lori ukiliona mbali, achia mafuta mapema, gari lipungue lenyewe. Breki ndiyo inayokutia hasara kuliko pedali ya mafuta.

Dada Zuhura, mjini hesabu hii inazidi. Dereva wa kukanyaga na kufunga breki anaweza kula asilimia 10 hadi 40 zaidi ya mtulivu. Na gari likiwa limeanikwa juani, shusha vioo dakika moja mbili kwanza joto litoke, maana kompresa hufanya kazi ngumu zaidi mwanzoni.

Baba Nuru
Sawa, lakini vioo wazi bado ni nafuu kuliko kiyoyozi. Hilo silirudishi.

Fundi Nati
Mjini nakubali moja kwa moja. Kwa 110 vioo wazi vinaongeza upinzani wa upepo, na pengo linakuwa dogo, linategemea umbo la gari na joto la siku. Mimi spidi hiyo nafunga vioo, wewe ukishusha sitagombana nawe.

Msafiri, mwanzo na mwisho wa safari viko usawa mmoja? Na ulijaza pampu ileile?

Msafiri
Pampu mbili tofauti, zote niliacha ilipokata yenyewe. Nyumbani ni juu zaidi, labda mita 300.

Fundi Nati
Basi hapo kuna kitu. Ijumaa mteremko ulikusaidia, Jumapili ukaulipia. Tofauti ya kwenda na kurudi inaweza kufika nusu lita au zaidi, na pampu nazo hazikati sawa. Ipunguze kwenye zile 4 za spidi. Siku nyingine rudi njia hiyohiyo kwa 90, kiyoyozi kikiwaka, ujaze pampu ileile ya nyumbani, utuletee lita.

Msafiri
Ijumaa ijayo naenda tena. Nitaandika hapa nikirudi.