Mnaokwenda kumwona mzazi na maswali ya "kawaida au kisu?", inatosha!

Wakuu, nimekasirika na leo nasema. Rafiki yangu amejifungua wiki iliyopita, hapa Tabata. Nilikuwa kwake namfulia nepi, wageni wakawa wanaingia. Hongera inatoka mara moja, halafu yanaanza. "Kawaida au kisu?" Akijibu kisu: "Kwani ulishindwa kusukuma?" "Kilo ngapi?" Akisema 2.6: "Mbona kadogo!" "Maziwa yanatoka?" "Baba yake hakutaka wa kiume?"

Mmoja, mtu mzima kabisa, akachukua kadi ya kliniki iliyokuwa mezani kando ya chupa ya chai, akaanza kuifunua ukurasa kwa ukurasa. Nilimnyang'anya. Akanuna, na anune.

Huyu mwenzetu ana mshono, akikohoa tu anashika tumbo. Wageni walipoondoka alilia, akaniuliza kama kweli mtoto wake ni mdogo mno.

Ukifika, sema: "Hongera sana, pole na kazi." Weka mtori wako, osha vyombo utakavyovikuta, ondoka. Ukiwa mbali andika: "Hongera shoga yangu, tumefurahi mno. Usihangaike kujibu. Jumamosi naleta supu, nitamwachia dada mlangoni." Hakuna swali hata moja hapo, na mzazi atajua unampenda. Akitaka kukuhadithia ya leba, atahadithia mwenyewe.

MamaKulwa: Unakuza mambo. Kilo tunauliza kwa nia njema. Wangu alizaliwa na 3.2, wiki ya kwanza akapungua. Mama mkwe alijua kwa sababu aliuliza. Akasema maziwa yangu mepesi, tukaanza ya kopo. Kuuliza kunasaidia.

NesiMstaafu: Mama Kulwa, mkweo aliona sawa kwamba kapungua, ila sababu aliyoitoa siyo. Kichanga hupungua siku za mwanzo, hata kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na akinyonya vizuri huurudisha kwa wiki mbili hivi. Akizidi hapo, au nepi zikawa kavu, au amelegea hataki titi, apelekwe kituo cha afya. Sebuleni hakuna mzani. Na waliopasuliwa, maziwa mara nyingi huchelewa kidogo kujaa. Mama akiulizwa na kila mgeni kama yanatoka, anaamini hayatoki, na kopo linaingia bila sababu.

Kuhusu ile kadi, mleta mada umefanya vyema. Kadi za kliniki zinabeba na habari za vipimo. Nimemshuhudia mama anampa mtoto nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga mtoto na VVU, mgeni akauliza mbele ya mawifi, "Hiyo dawa ya nini?" Mama akakosa pa kuangalia. Swali kama hilo linatoa siri ya mtu hadharani.

Baba_T: Mimi niliulizwa, "Mtoto mweupe hivi, wewe umeingilia wapi?" Mke wangu amekaa pale pale. Mtoto amekoza rangi kabla hata ya arobaini, kama watoto wetu wengi. Lakini yule jamaa hajakanyaga kwangu tena, na sijutii.

Kidume_Mbeya: Samahani wakuu, mke wa bosi wangu kajifungua. Nitume elfu ishirini au ninunue pampasi?

MamaKulwa: Tuma hela, mdogo wangu. Za saizi ndogo watu wanaleta mpaka zinabaki.

Bint_Pangani: Mleta mada, sikubaliani na wewe kwa yote. Jirani yangu siku ya tano alikuwa anatokwa damu nyingi, kajifunika khanga, kila anayeingia anasema hongera anakaa kimya. Aliyemwokoa ni shangazi yake, alimuuliza wazi damu inatokaje. Na huyo tumkataze?

NesiMstaafu: Huyo simkatazi. Shangazi wa namna hiyo ndiye anayemkanda mzazi, yuko naye chumbani mlango umefungwa, na anaweza kumpeleka hospitali usiku ule ule. Pedi inayolowa yote ndani ya saa moja, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, hayo lazima yaulizwe, tena kila siku. Anayeuliza awe mtu wa kuchukua hatua.

Mleta mada: Ndicho ninachosema! Anayemhudumia aulize. Aliyekuja dakika kumi na chupa ya soda, mshono unamhusu nini?

Bint_Pangani: Na mzazi aliyepanga chumba peke yake, hana shangazi wala dada wa kazi, anategemea hao hao wa dakika kumi?

NesiMstaafu: Huyo ni mgumu. Mimi ningemuuliza "wewe mwenyewe unajisikiaje?" tukiwa wawili, nisimchimbe zaidi ya atakachosema. Lakini wapo watakaokujibu "salama" huku wanaumia.

MamaKulwa: Kadi na kisu nimewaelewa. Kilo bado nitauliza.

Mleta mada: Kwa rafiki yangu usiulize. Karibu na mtori, mama.