Binti yangu yuko kwa ami yake Ohio: ahesabiwe tegemezi au anayejitegemea?

BabaWaWete: Asalaam aleikum. Binti yangu ana miaka 22. Alizaliwa Marekani tulipokuwa tukiishi huko, na sasa yupo kwa mdogo wangu Ohio, anataka kuanza digrii ya kwanza. Tunajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, ya mwaka 2026–27. Ami mtu ana mshahara mzuri, mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Kipato cha nani kitahesabiwa?

Mchwakaz: Cha ami yake, si ndiye anayemlisha? Mwambie asimuweke kwenye kodi yake tu, mtoto atahesabika anajitegemea.

Bi_Mkunguni: Mwanangu alinyimwa mkopo hapa Unguja kwa sababu ya duka la baba yake. Mtihani mtupu.

Hesabu_Chake: Pole, Bi Mkunguni, ila mkopo wa hapa una masharti yake. Mchwakaz, kodi haiamui kitu, wala kukaa mbali na wazazi. Kwa mwaka huo, asiyeolewa, asiye na mtoto anayemlea na anayesoma digrii ya kwanza, lazima awe amezaliwa kabla ya 1 Januari 2003. Yatima au aliyewekewa mlezi na mahakama ana njia yake. Huyu ni tegemezi.

Lakini ami si mzazi, kwa hiyo mshahara wake hauingii. Unaingia wako na wa mama yake, wa mwaka 2024. Tuseme mshahara na karafuu vilifika shilingi milioni 15. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni dola 6,000. Kwa kipato hicho, utegemezi haumuumizi.

Mchwakaz: Basi aolewe, awe huru na fomu za wazazi.

Hesabu_Chake: Wazazi watatoka, lakini ataingia mume. Mume akipata dola 48,000, zinawekwa hizo badala ya 6,000 zenu! Faida iliyo wazi ni kiwango cha mkopo wa serikali: mwaka wa kwanza tegemezi anaishia dola 5,500, anayejitegemea 9,500. Lakini mkopo hulipwa.

BabaWaWete: Mimi sina namba ya hifadhi ya jamii ya huko.

Hesabu_Chake: Fungua akaunti StudentAid.gov bila hiyo namba. Binti akutumie mwaliko wa kujaza sehemu yako ya fomu kwa barua pepe yako, nawe uukubali kwa akaunti hiyo. Kisha ukubali taarifa zako za kodi zichukuliwe, hata kama hujawahi kulipa kodi Marekani. Usipokubali, hapati ruzuku ya serikali kuu.

BabaWaWete: Ahsante sana. Limebaki moja: nina mke mwengine Micheweni. Naye ahesabiwe?

Hesabu_Chake: Fomu inauliza mama yake mzazi na wewe, mke wa pili haina nafasi yake. Hilo binti aliulize ofisi ya misaada ya chuo kwa maandishi kabla hamjatuma.